Dakika tatu mbele ya madiwani

Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Queensland, nchini Australia, kilianzisha shindano ambalo sasa limeenea katika vyuo vingi duniani: mwanafunzi wa uzamivu anapewa dakika tatu aeleze tasnifu yake mbele ya watu wasio wa fani yake. Wazo lenyewe lilizaliwa na ukame. Jimbo la Queensland lilikuwa limekaukiwa maji, na wananchi walihimizwa wapime muda wa kuoga kwa kisaa cha mchanga cha dakika tatu. Mkuu mmoja wa masomo ya uzamili pale chuoni alikitazama kisaa hicho bafuni, akajiuliza kama tasnifu nayo inaweza kuenea ndani yake. Masharti ni machache na makali. Slaidi ni moja tu, isiyotembea wala kubadilika. Hakuna vifaa vya maonyesho, hakuna wimbo wala shairi. Anayevuka dakika ya tatu anaondolewa.

Hapa Mwanza nimekuwa nikiwasimamia wanafunzi wa uzamili wanaojiandaa kwa mazungumzo ya aina hii, na kila mwaka naona jambo lile lile. Mwanafunzi anaichukua tasnifu yake yenye sura tano na kuipunguza kama fundi anayepunguza suruali: utangulizi sekunde thelathini, mapitio ya maandiko sekunde thelathini, mbinu dakika nzima, matokeo kinachobaki. Mpangilio unabaki wa kitabu, vipande tu ndivyo vinavyopungua. Msikilizaji anafika dakika ya pili akiwa ameshaelezwa sampuli, dodoso na programu ya kuchakata data, lakini hajaambiwa ni jambo gani duniani lingebadilika kama utafiti ule ungetoa jibu tofauti.

Hoja ya makala hii ni kwamba kutanguliza umuhimu wa utafiti kabla ya namna ulivyofanyika si mbinu ya kunogesha mazungumzo. Ni sharti la kueleweka. Mbinu ya utafiti ni jibu la shaka fulani, na mtu ambaye bado hana shaka hiyo hana mahali pa kuliweka jibu. Msomaji wa tasnifu anaweza kurudi ukurasa wa nne akishafika wa arobaini. Msikilizaji hana kurasa za kurudia. Alichokisikia bila kujua kazi yake kimeshampita.

Nitalionyesha hili kwa utafiti mmoja uliofanyika hapa hapa mkoani, kwa sababu ni miongoni mwa tafiti za Tanzania zilizonukuliwa sana duniani, na kwa sababu wananchi wengi wa Mwanza niliowauliza, wakiwamo watumishi wa umma, hawajawahi kuusikia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, shirika la AMREF na Shule ya Usafi na Tiba ya Kitropiki ya London walishirikiana na mamlaka za afya za Mkoa wa Mwanza katika jaribio la vijijini. Maeneo 12 yalipangwa katika jozi sita. Katika kila jozi, eneo moja liliboreshewa huduma ya magonjwa ya zinaa katika vituo vyake vya afya na zahanati zake, na jingine likabaki na huduma ya kawaida. Watu wazima wapatao elfu moja katika kila eneo, wenye umri wa miaka 15 hadi 54, walipimwa mwanzoni na kupimwa tena baada ya miaka miwili. Matokeo yalichapishwa na Heiner Grosskurth na wenzake katika jarida la Lancet mwezi Agosti 1995: maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI yalikuwa pungufu kwa takriban asilimia 40 katika maeneo yaliyoboreshewa huduma.

Aya hiyo ina kila kitu cha lazima, na kwa msikilizaji wa kawaida haina maana yoyote. Nimeiandika makusudi kwa mpangilio ambao wanafunzi wangu huuleta. Nani alifanya, wapi, maeneo mangapi, watu wangapi, kisha tokeo limening'inia mwishoni kama kichwa cha habari kisicho na habari. Kwa nini jozi? Kwa nini miaka miwili? Kwa nini magonjwa ya zinaa, ilhali swali ni UKIMWI? Msikilizaji hajui hata kwamba ana haki ya kuuliza.

Basi tuanze na umuhimu. Lakini umuhimu kwa nani? Hapa wanafunzi huanguka mara ya pili. Ukimwambia mwanafunzi aanze na umuhimu, atakuja na mojawapo ya sentensi mbili. Ya kwanza ni kwamba kuna pengo katika maarifa: hakuna utafiti uliofanyika kuhusu jambo hili katika mkoa huu. Huo ni umuhimu kwa msimamizi wa tasnifu. Mvuvi wa Kirumba hana pengo la maarifa, ana watoto wa kusomesha. Ya pili ni kwamba UKIMWI ni tatizo kubwa duniani. Ni kweli, lakini sentensi hiyo inaweza kufungua utafiti wowote kuhusu UKIMWI, wa chanjo, wa kondomu au wa yatima. Sentensi inayofaa kila utafiti haijaeleza umuhimu wa utafiti wowote.

Kipimo ninachowapa wanafunzi ni hiki. Taja mtu mmoja mwenye uamuzi mkononi, kisha useme angeamua nini kama jibu lako lingekuwa ndiyo, na angeamua nini kama lingekuwa hapana. Kama uamuzi ni ule ule kwa majibu yote mawili, umuhimu bado hujaupata.

Kwa utafiti wa Mwanza, mtu huyo tunaye. Ni diwani, au mganga mkuu wa wilaya, au ofisa anayepanga bajeti ya dawa. Mwaka 1995 hakukuwa na chanjo ya UKIMWI, na bado hakuna. Dawa za kupunguza makali ya virusi zilikuwa mbali na mwananchi wa kawaida. Kutolewa kwake kwa umma bila malipo nchini kulianza karibu miaka kumi baadaye. Kilichokuwapo ni dawa za kisonono, kaswende na pangusa, ambazo zilijulikana vizuri na hazikuwa ghali, lakini mara nyingi zilikosekana kwenye rafu ya zahanati. Wataalamu walikuwa wakishuku kwamba mtu mwenye kidonda au usaha sehemu za siri huambukiza na kuambukizwa virusi kwa urahisi zaidi. Kama shaka hiyo ilikuwa kweli, dawa ya kisonono ilikuwa pia kinga dhidi ya UKIMWI, na kuiacha ikosekane kulikuwa na gharama ambayo hakuna aliyekuwa akiihesabu. Kama haikuwa kweli, fedha hizo zilistahili kwenda kwingine. Uamuzi wa bajeti unageuka kwa kutegemea jibu. Huo ndio umuhimu.

Nimeandika hapa mazungumzo ya dakika tatu ambayo mtafiti angeweza kuyatoa mbele ya baraza la madiwani mwishoni mwa mwaka 1995. Maneno ni yangu, takwimu ni za utafiti wenyewe.

«Waheshimiwa madiwani, mtu mwenye kidonda sehemu za siri ana mlango wazi mwilini mwake. Waganga wameshuku kwa miaka kadhaa kwamba virusi vya UKIMWI hupita kwa urahisi zaidi katika mlango huo. Kama ni kweli, dawa ya kaswende na kisonono katika zahanati zenu ni kinga dhidi ya ugonjwa ambao hatuna chanjo yake. Kama si kweli, fedha zake zipelekwe kwingine. Tulitaka kuwaletea jibu, si dhana.

Tungeweza kupeleka dawa kila mahali na kusubiri. Lakini maambukizi yangepungua, mngetuuliza kwa haki: mmejuaje kuwa ni dawa? Pengine ni matangazo ya redio. Pengine ni hofu ya misiba tunayoizika kila wiki. Ndiyo maana tulichukua maeneo kumi na mawili ya mkoa huu, tukayapanga mawili mawili yanayofanana, kisha kura ikaamua ni lipi katika kila jozi litaboreshewa huduma. Redio ilisikika pande zote mbili. Misiba ilikuwapo pande zote mbili. Tofauti tuliyoiweka sisi ni moja: upande mmoja mganga alifundishwa kutibu kwa kufuata dalili bila kungoja maabara, dawa hazikukatika, msimamizi alipita mara kwa mara, na wananchi walihimizwa waende kutibiwa mapema.

Baada ya miaka miwili tuliwapima watu tena. Katika kila watu wazima elfu moja ambao mwanzoni hawakuwa na virusi, upande wa huduma ya kawaida waliambukizwa kumi na tisa. Upande ulioboreshwa, kumi na wawili. Ni watu saba katika kila elfu. Na haikuwa bahati ya eneo moja, kwa maana ilikuwa hivyo katika jozi zote sita.

Hatusemi kwamba dawa ya kisonono inatibu UKIMWI. Wala hatusemi kwamba itakuwa hivi kila nchi, kwa sababu vijijini kwetu wenye virusi bado ni kama wanne katika kila watu wazima mia. Tunasema kwamba hapa, kwa hali ya sasa, zahanati isiyokatikiwa dawa hizi inazuia maambukizi. Mtakapokaa kugawa fedha, tunaomba rafu ile isihesabiwe kuwa ya kaswende na kisonono peke yake.»

Isome kwa sauti, kwa mwendo wa mtu anayetaka aeleweke, na inaenea ndani ya dakika tatu. Sasa tuitazame ndani.

Aya ya kwanza ni uamuzi na majibu yake mawili. Haina jina la taasisi, haina mwaka, haina idadi. Hakuna aliyelala usingizi kwa kukosa kujua jina la taasisi; litaandikwa kwenye slaidi, na macho yataliona bila kutumia sekunde hata moja ya mdomo.

Aya ya pili ndiyo mbinu, na imefunguliwa kwa shaka ya msikilizaji: mmejuaje kuwa ni dawa? Mara shaka hiyo inapotamkwa, jozi, kura na kundi la ulinganisho vinakuja vyenyewe. Hakuna haja ya kumfundisha diwani istilahi yoyote ya takwimu. Kila mtu aliyewahi kupima mbolea kwenye shamba moja na kuacha jirani yake bila mbolea anaielewa hoja hii. Ninachomwambia mwanafunzi ni kwamba katika dakika tatu mbinu ina nafasi ya wazo moja tu, nalo ni lile linaloulinda umuhimu usiangushwe na swali la kwanza la msikilizaji makini. Umri wa washiriki, aina ya kipimo cha damu na hesabu za marekebisho vyote ni muhimu, lakini ni majibu ya maswali ambayo bado hayajaulizwa. Vingoje kipindi cha maswali.

Aya ya tatu ni tokeo, na hapa kuna uamuzi ambao wanafunzi wangu huupinga kila mara. Mmoja aliniuliza, «Mwalimu, kwa nini tuache asilimia arobaini, ilhali ndiyo iliyoufanya utafiti huu ujulikane?» Nilimjibu aende uani, awaulize wafanyakazi watatu wa usafi maana ya kusema kwamba maambukizi yamepungua kwa asilimia 40. Alirudi na majibu mawili yanayofanana: kwamba katika kila watu mia, arobaini wameokolewa. Hiyo si maana yake hata kidogo. Upande wa kawaida walioambukizwa walikuwa asilimia 1.9 kwa miaka miwili, na upande ulioboreshwa asilimia 1.2. Tofauti ni asilimia 0.7 ya watu, yaani saba katika elfu. Ukiigawa 0.7 kwa 1.9 unapata kama asilimia 37. Na watafiti walipozingatia tofauti nyingine kati ya maeneo, punguzo likawa takriban asilimia 42. Hiyo ndiyo asilimia 40 ya vichwa vya habari. Ni sahihi, lakini ni asilimia ya maambukizi, si asilimia ya watu, na katika masikio ya hadhira pana tofauti hiyo hupotea mara moja. Kumi na tisa dhidi ya kumi na wawili katika elfu haina mlango wa kupotelea. Diwani wa kata yenye watu wazima elfu kumi wasio na virusi anaweza kuzidisha papo hapo: ni watu sabini kwa miaka miwili.

Kiswahili chenyewe nacho kinatulazimisha kuchagua takwimu kwa uangalifu. Mwaka 1995 kwenye karatasi ni tarakimu nne. Mdomoni ni elfu moja mia tisa tisini na tano, maneno saba. Watu 12,537 walioandikishwa katika utafiti huu wanakuwa elfu kumi na mbili mia tano thelathini na saba, maneno tisa, ambayo msikilizaji akifika la mwisho ameshasahau la kwanza. Anayezungumza kwa dakika tatu kwa Kiswahili ana nafasi ya takwimu tatu au nne za kutamka. Zilizobaki ziwe kwenye slaidi, au zisiwepo.

Kuna pia sentensi moja fupi mwishoni mwa aya hiyo: ilikuwa hivyo katika jozi zote sita. Sentensi hiyo imebeba kazi ambayo kwenye jarida inafanywa na kipimo cha uwezekano wa bahati. Ukirusha sarafu mara sita, uwezekano wa kupata upande unaoutaka mara zote sita ni mmoja kati ya 64. Kwa kuwa kura ilipigwa kwa maeneo, si kwa mtu mmoja mmoja, jozi hizo sita zina uzito kuliko wingi wa watu waliopimwa. Msikilizaji hahitaji kuambiwa hayo ili anufaike nayo. Akisikia kwamba haikutokea kinyume hata mara moja, ameshika kiini.

Aya ya nne ndiyo inayoachwa mara nyingi zaidi, na ndiyo inayotenganisha utafiti na tangazo la biashara. Ukianza kwa umuhimu, kishawishi kikubwa ni kuupandisha: kuahidi zaidi ya kile ambacho mbinu inaweza kubeba. Historia ya utafiti huu inaonyesha hatari hiyo waziwazi.

Mwaka 1999, miaka minne baada ya matokeo ya Mwanza, jarida lile lile la Lancet lilichapisha matokeo ya jaribio jingine lililofanyika wilaya ya Rakai, nchini Uganda, magharibi mwa ziwa hili hili. Huko watu wazima wote waliokubali walipewa dawa za magonjwa ya zinaa kila baada ya miezi kumi hivi, wawe na dalili au wasiwe nazo. Magonjwa kadhaa ya zinaa yalipungua. Maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI hayakupungua: kiwango kilikuwa sawa katika pande zote mbili. Mwaka 2003 jaribio la Masaka, pia Uganda, nalo halikuonyesha punguzo.

Je, utafiti wa Mwanza ulikuwa wa uongo? La. Maelezo ambayo watafiti wengi waliyakubali ni kwamba mazingira hayakufanana. Rakai watu wazima wapatao 16 katika kila mia walikuwa tayari na virusi, mara nne ya vijijini Mwanza. Ugonjwa ukishaenea kiasi hicho, virusi hupita pia kati ya watu wasio na ugonjwa mwingine wowote wa zinaa, na sehemu kubwa ya vidonda vya sehemu za siri vilivyoonekana Rakai vilitokana na virusi vya malengelenge, ambavyo dawa za bakteria haziviponyi. Mienendo ya ngono Uganda ilikuwa imeshabadilika. Tena huduma yenyewe ilitofautiana: Mwanza mtu alitibiwa siku anapougua, kwenye zahanati iliyo wazi muda wote, Rakai dawa ilikuja, ikapita, na magonjwa yakawa na miezi ya kurudi.

Sasa rudi kwenye mazungumzo yetu. Kama mtafiti angewaambia madiwani mwaka 1995 kwamba kutibu magonjwa ya zinaa kunapunguza UKIMWI kwa asilimia 40, nukta, basi mwaka 1999 diwani angekuwa na haki ya kusema wataalamu hawaaminiki. Lakini yule aliyesema hapa, kwa hali ya sasa, wenye virusi wakiwa bado wanne katika mia, hakuwa na neno la kufuta. Hakuhitaji kutabiri Rakai ili awe mkweli. Mipaka ilikuwa imeshaandikwa ndani ya mbinu yake: maeneo gani, wakati gani, huduma ya namna gani. Umuhimu unatangulia katika kusema, lakini katika kufikiri ni mbinu inayoamua umuhimu uwe na ukubwa gani. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi waandike aya ya nne kwanza, kisha warudi kuandika aya ya kwanza isiyozidi kimo chake.

Tunajuaje kwamba mazungumzo yamefaulu? Makofi si kipimo, kwa kuwa hadhira yetu ni ya adabu na hupiga makofi hata kwa mkutano uliovunjika. Mimi hutumia maswali matatu, nikimwuliza mtu asiye wa fani mara mazungumzo yanapokwisha. La kwanza: nani anapaswa kufanya nini tofauti kutokana na ulichosikia? Akishindwa, umuhimu haukufika. La pili: kwa nini walilinganisha maeneo mawili mawili? Akishindwa, mbinu ilisemwa lakini haikujibu shaka yake. La tatu: je, matokeo haya yanahusu Dar es Salaam? Akisema ndiyo bila kusita, mzungumzaji ameuza zaidi ya alichonacho.

Na kipindi cha maswali kina uzito wake. Katika utafiti huu, waliopatikana tena baada ya miaka miwili walikuwa 8,845, yaani 71 katika kila mia. Mtu wa mwaloni atauliza mara moja: na wale wengine, ambao mimi nawajua, wanaohama na dagaa kutoka kisiwa hadi kisiwa, mliwapata? Ni swali zuri kuliko mengi niliyoyasikia kwenye mabaraza ya tasnifu. Jibu la haki ni kwamba takriban watatu katika kila kumi hawakuonekana tena, wala hatuwezi kudai kwamba waliohama wanafanana na waliobaki. Kinachotia moyo ni kwamba ulinganisho ulifanywa jozi kwa jozi, kati ya maeneo yanayofanana. Mzungumzaji aliyetumia dakika zake kueleza umuhimu hupata maswali ya namna hii. Aliyezitumia kutaja programu ya kompyuta huulizwa kama karatasi za uwasilishaji zitagawiwa.

Nina sababu moja ya kisiasa ya kung'ang'ania jambo hili. Watu zaidi ya elfu kumi na mbili wa mkoa huu walikubali kupimwa damu na kujibu maswali ya aibu kuhusu maisha yao, ili swali lile lipate jibu. Jibu lilichapishwa London, kwa Kiingereza, katika kurasa saba za jarida ambalo hakuna zahanati ya kijijini iliyokuwa ikilipokea. Likasomwa na mashirika ya kimataifa, likaingia katika mijadala ya sera, likapandisha watu vyeo. Haki ya wale waliotoa damu ilikuwa kusikia, kwa lugha yao na kwa muda mfupi kuliko wa kungoja kivuko cha Kamanga, kwamba katika kila elfu yao watu saba hawakuambukizwa kwa sababu dawa ilikuwapo kwenye rafu. Mtu anayejua hilo akikuta rafu ya zahanati ni tupu ana la kumwuliza diwani wake, na diwani ana la kumwuliza mkurugenzi. Asiyejua ataambiwa dawa zimekwisha, atarudi nyumbani.